Hepi bethdei ndani ya Ramadhani: saa ya kutuma na maneno ya kuandika

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi 2025, saa sita kamili, nilimtumia shoga yangu wa Ngamiani ujumbe wa kumtakia heri ya kuzaliwa. Mimi nakaa Chumbageni, na miaka yote hiyo ndiyo desturi yetu: anayewahi kutuma ndiye mshindi, kwa hiyo huwa naikodolea macho saa ya simu mpaka zile sifuri zijipange. Nikatuma maneno, kisha nikafuatisha vikatuni vya keki na maputo, kimoja kimoja, kama kumi na tano hivi, kila kimoja na mlio wake.

Mwenzangu alikuwa amelala tangu saa nne, baada ya tarawehe, simu iko chini ya mto kwa ajili ya kengele ya daku. Aliposikia mlio juu ya mlio akajua saa tisa na nusu imeshafika. Akainuka gizani, akaenda jikoni, akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akabandika wali. Sufuria imeshaanza kuchemka ndipo mumewe akatoka chumbani kumuuliza anampikia nani saa sita na nusu za usiku.

Mimi huku nikaona ujumbe umefika lakini haujibiwi. Nikadhani hajauona. Mchana wa saa saba nikamtumia video niliyoitengeneza mwenyewe, keki ya chokoleti inakatwa taratibu, na wimbo wa kuchezeka nyuma yake. Akaifungua dukani kwake, sauti iko juu, mama mkwe amekaa pale mlangoni na tasbihi yake. Joto la kaskazi, koo limekauka, na ile keki inakatwa.

Alicheka, maana ndivyo alivyo. Lakini usiku aliniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Shoga, umenitakia heri lakini umenirefushia siku." Na mimi sikuwa na pa kujitetea, kwani siku hiyo ilikuwa Jumatano ya Majivu, nami nilikuwa nimefunga.

Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kukosea mwaka huo, kurekebisha mwaka uliofuata, na kuuliza. Nazungumzia rafiki Muislamu aliyefunga Ramadhani, kwa saa na mazoea ya Tanga mjini. Ukiwa Lushoto au Dodoma, saa za adhana zitasogea kidogo lakini mpangilio ni huo huo.

Kwanza, jua tarehe yake inaangukia wapi ndani ya mwezi

Watu wengi hujua tu kwamba "mwaka huu bethdei yake imeingia Ramadhani" wakaishia hapo. Kuna tofauti kubwa kati ya kuingia swaumu ya tatu, ya kumi na tano na ya ishirini na sita, kwa sababu siku ya mfungaji haifanani mwezi mzima.

Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi wa angani, na ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku 10 au 11. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka kwa kiasi hicho. Kwa kuwa mfungo wenyewe ni siku 29 au 30, tarehe moja ya kuzaliwa hukaa ndani yake miaka miwili au mitatu mfululizo, halafu ikatoka, isirudi mpaka ipite miaka kama thelathini. Shoga yangu alizaliwa tarehe 5 Machi 1993, na mama yake husema siku zote kwamba alimzaa ndani ya mfungo. Nimepiga hesabu, ni kweli. Ndiyo maana alipofika miaka 32 tarehe yake ikarudi tena ilipoanzia.

Angalia tarehe hiyo moja inavyosafiri. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni kabisa, mfungo haujamaliza wiki. Mwaka 2026 ikawa katikati, swaumu ya kumi na tano hivi. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza tarehe 8 au 9 Februari, kwa hiyo 5 Machi itakuwa swaumu ya ishirini na tano au ya ishirini na sita, ndani ya kumi la mwisho. Mwaka 2028 mfungo utakuwa umekwisha kabla Machi haijaingia, nami nitarudi kwenye ushindani wangu wa saa sita.

Utaona nasema "au". Mwanzo wa mfungo unategemea mwandamo, na hapa kwetu wapo wanaosubiri tangazo la Mufti na wapo wanaofuata mwezi ulioonekana kokote duniani. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupishana siku. Kwa sababu hiyo usiandike kwenye ujumbe "leo swaumu ya kumi na tano". Huenda kwake ni ya kumi na sita, na ujumbe wa heri ukageuka mjadala wa mwezi. Andika "katikati ya mwezi" au "siku hizi za kumi la mwisho", inatosha.

Ikiwa tarehe imeangukia siku ya ishirini na tisa au thelathini, andaa jumbe mbili mapema, mmoja wa aliyefunga na mmoja wa siku ya Idi, kwa sababu mpaka usiku ule hutajua kesho ni ipi. Kumtakia mtu swaumu njema asubuhi ya Idi, naye ameshavaa kanzu mpya, si kosa kubwa, ila linachekesha.

Pili, ijue saa ya simu yake

Hapa ndipo nilipoangukia, basi niruhusu nikae kidogo.

Mwanzoni mwa Machi hapa Tanga adhana ya Alfajiri ni kama saa 11:20, Magharibi kama saa 12:40 jioni, na Isha karibu saa 1:50 usiku. Shika hizo tatu, kisha mfuate mtu wako kuanzia usiku wa manane.

Saa sita usiku amelala, au anajitahidi kulala, kwa sababu saa tisa na nusu au saa kumi ataamka kula daku. Usingizi wake umekatwa vipande viwili, nawe ukimwamsha katikati ya kipande cha kwanza, cha pili hakitarudi. Daku yenyewe, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, ni dakika anazokuwa macho kweli, simu mkononi, nyumba kimya. Ni wakati mzuri kwa ujumbe mfupi kama mmezoeana, mradi uwe na hakika kwamba anaamka kula. Wapo wanaokula saa tano usiku kabla ya kulala wakapitiliza mpaka Alfajiri. Muulize siku chache kabla, kwa njia ya mazungumzo tu: "Nyie kwenu daku mnaamka saa ngapi?" Hatahisi chochote.

Asubuhi ya saa tatu mpaka saa tano bado ana nguvu. Ujumbe wa maneno matupu, usio na picha ya chakula, unapita vizuri. Kuanzia saa saba hivi nguvu zinashuka, na siku za mwanzo wa mfungo huwa pia na kile kichwa cha kukosa chai, ambacho mnywaji wa chai tatu kwa siku anakijua. Mtu wa saa nane mchana atasoma ujumbe wako, lakini hataufurahia.

Halafu inakuja saa kumi jioni, na hii ndiyo saa inayowadanganya wengi. Tunajua futari i karibu, tunadhani moyo wake umechangamka. Kama ni mwanamke mwenye nyumba, saa hiyo ameshakalia mbuzi, mihogo imemenywa iko kwenye beseni, magimbi yanachemka, uji wa pilipili manga unataka kukorogwa, na mikono yote miwili ni tui. Simu anayo mtoto. Mtoto ndiye atakayefungua ujumbe, autazame, arudi kwenye mchezo wake. Kwako zile tiki mbili zitageuka bluu saa kumi na moja jioni, na mwenyewe hajaona kitu. Nimejifunza kutoziamini kabisa tiki za alasiri. Ukiona bluu pasipo jibu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, usikasirike wala usitume tena. Hesabu kwamba ujumbe umepotea, na umkumbushe kwa namna nyingine usiku.

Kuanzia saa 12:30 mpaka saa 1:00 acha simu kabisa. Dakika zile chache kabla ya adhana watu wamekaa mbele ya sinia, tende mkononi, wanaomba dua, kwa sababu dua ya mfungaji anapofuturu ina nafasi yake. Adhana ikilia ni tende, maji, kisha Magharibi. Simu inayolia wakati huo hata mwenye simu huionea haya.

Baada ya Magharibi mpaka Isha kuna mlango mdogo, kama saa 1:10 hadi 1:40. Lakini nyumba nzima iko mkekani, na pengine jirani ameleta sahani. Mimi naupita.

Mlango wenyewe mpana unafunguka baada ya tarawehe. Misikiti inayoswali rakaa nane humaliza mapema, inayoswali ishirini hukaribia saa tatu na nusu, na wanawake wengi wanaswali nyumbani kwa mwendo wao. Kwa hiyo sikupi dakika. Nakupa dalili: akianza yeye mwenyewe kuweka kitu kwenye stetasi, au kujibu kwenye kundi la wasapu mlilomo wote, ujue amekunja msala. Saa tatu na nusu mpaka saa nne na robo Tanga iko macho, mbarazani kahawa inamiminwa, watoto wanakimbizana mtaani, na tumbo halidai tena. Ujumbe unaofika hapo husomwa mara mbili.

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu yote hii. Kama wewe ni mwanamume na rafiki ni mke wa mtu, au kinyume chake, usiitumie saa tatu na nusu usiku hata kama ndiyo bora. Tuma asubuhi ya saa nne, maneno ya wazi ambayo mumewe akiyasoma begani kwake hayana la kueleza, na bila ile mioyo myekundu.

Tatu, maneno

Nianze na swali ambalo watu hulikwepa. Wapo Waislamu wasiosherehekea siku ya kuzaliwa hata nje ya Ramadhani, kwa kuona si katika mafundisho. Utamjua: miaka iliyopita ulimwandikia "hepi bethdei" akajibu tu "ahsante, niombee dua", na hajawahi kukutakia wewe kwa neno hilo. Kwa mtu wa namna hiyo, ondoa kuzaliwa kwenye ujumbe, acha dua peke yake, na uitume siku hiyo hiyo. Tarehe yake anaijua, ataelewa kilichokuleta.

Kwa wengine wote, pima kila neno kwa swali moja: likisomwa mbele ya mama yake aliyefunga, litakaa vizuri? "Kula bata" halikai. "Leo tunaiponda" halikai. "Kusherehekea" ni neno zuri mwezi mwingine, ila ndani ya mfungo "kutimiza mwaka" au "Mungu amekufikisha" yanabeba jambo lile lile kwa sauti ya chini. Utani wa kumwambia amezeeka unaweza kubaki kama ndio utani wenu, mmoja tu, nao uje mwishoni.

Usiulize "umefunga leo?" hata kwa kumjali. Mwanamke huwa na siku zake ambazo hafungi, mgonjwa ana dawa zake, na swali hilo linamlazimisha ama kudanganya ama kueleza asichotaka kueleza. Kwa sababu hiyo hiyo mimi siandiki "pole na swaumu" kwenye ujumbe wa heri. Mtaani tunasalimiana hivyo jioni na hakuna anayekereka, ila kwenye heri ya kuzaliwa neno pole linaleta msiba mlangoni.

"Ramadhani Mubarak" nayo ina wakati wake. Siku tatu za kwanza inapendeza. Ikifika katikati ya mwezi inaonekana kama umechelewa, au umefowadi kutoka kundi la ukoo. Katikati na mwishoni, maneno yanayokaa ni ya kuomba swaumu ipokelewe: "Mola akutakabalie", "swaumu makbul". Mimi Mkristo nasema Mola au Mwenyezi Mungu kwa sababu ndivyo ninavyosema siku zote. Sivai maneno ya Kiarabu nisiyoyatamka vizuri kwa ajili ya ujumbe mmoja, naye angenijua mara moja kwamba nimenakili.

Sasa tuutengeneze ule wa 2026 pamoja. Tarehe 5 Machi ilikuwa Alhamisi. Rasimu yangu ya kwanza, niliyoiandika siku mbili kabla, ilikuwa hivi:

"Hepi bethdei shoga wangu kipenzi!!! Ramadhani Mubarak! Pole na swaumu mwaya, najua keki huli leo hahaha, ila tutakula tu. Uishi miaka mia!!! Nijibu basi uniambie unafanya nini leo."

Tazama makosa yaliyomo. Pole ipo, nayo nimeshaisema. "Keki huli leo" ni kumkumbusha mtu njaa yake halafu nikacheka. Ramadhani Mubarak imechelewa wiki mbili. "Miaka mia" haina ubaya, lakini mtu aliye kwenye mfungo haombewi wingi wa miaka peke yake, anaombewa miaka yenye kheri ndani yake. Na "nijibu basi" ni deni: nimemletea zawadi, kisha nimenyoosha mkono kudai. Mtu mwenye saa moja na nusu kabla ya kulala haongezewi kazi.

Nikaanza upya:

"Shoga, habari za futari? Leo Mungu amekutimizia mwaka mwingine, na amekupa ndani ya mwezi ule ule uliozaliwa. Mola akuzidishie umri wenye afya na kheri, aipokee swaumu yako, akulindie mama na watoto. Keki yako naidaiwa mpaka Idi pili, nitaileta mwenyewe. Usijibu, lala, daku inakungoja. Na safari hii si mimi nitakayekuamsha."

Anza na salamu ya saa aliyopo. "Habari za futari" inamwambia kwamba najua siku yake ilikuwaje, bila kumpa pole. Jambo la kuzaliwa limekuja mara moja, kwa lugha ya shukrani. Dua ni tatu tu, na ya tatu inawataja watu wake, maana dua inayowagusa watoto humfikia mama kuliko inayomgusa yeye. Chakula kimetajwa, lakini kimepelekwa Idi, mahali ambapo kinakuwa ahadi badala ya jaribu. Halafu nimemsamehe kujibu. Utani wa mwisho ni wetu wawili, wako utakuwa mwingine.

Nikakaa na simu. Saa 3:25 usiku akaweka kwenye stetasi picha ya sahani ya kalimati zilizobaki. Nikatuma, mara moja, bila kikatuni hata kimoja. Baada ya dakika mbili akajibu: "Amin shoga. Amin." Basi.

Asiyejua angesema amejibu kwa ubaridi. Dua hujibiwa kwa amin, na amin mbili ni nyingi. Ukipata jibu kama hilo usimfuate na "mbona mkavu?" Kesho yake asubuhi alinipigia mwenyewe tukaongea nusu saa.

Kama unataka kuambatanisha kitu

Stetasi yenye picha yake: chagua ile aliyojifunika mtandio, hata kama ile ya harusini ndiyo anayoipenda zaidi, na uweke bila wimbo. Afadhali zaidi umtumie yeye kwanza, aamue.

Zawadi ya mkononi nayo inawezekana siku hiyo hiyo, ila iwe futari. Sahani ya tambi au mkate wa kumimina, imefunikwa kawa, ifike kwake kabla ya saa 12:15 ili ipate nafasi kwenye sinia. Ikifika adhana imelia, ameshapanga vyake. Mpe mtoto aliyeipeleka maneno machache tu, "Mama amesema hii ya kufuturia", na neno la kuzaliwa liache lije kwenye simu usiku. Ukituma pesa kwa simu, andika "ya tende" au "zawadi yako". Usiandike "sadaka". Mwezi huu neno hilo lina maana yake kamili, na utakuwa umemweka rafiki yako kwenye foleni ya wanaosaidiwa.

Kumi la mwisho ni habari nyingine

Yote niliyosema kuhusu saa tatu na nusu usiku, mwaka 2027 nitayaweka kando. Tarehe 5 Machi mwaka huo ni Ijumaa. Mfungo ukianza tarehe 8 Februari, Ijumaa hiyo ni swaumu ya ishirini na sita. Sasa kumbuka kwamba kwa hesabu ya Kiislamu, na hata kwa Kiswahili chetu cha zamani, usiku hutangulia mchana wake. Jua likizama Ijumaa jioni, unaoingia ni usiku wa ishirini na saba, ule ambao wengi wanautazamia kuwa Lailatul Qadri. Mfungo ukianza tarehe 9, usiku huo utakuwa Jumamosi. Vyovyote iwavyo, usiku wa kumi la mwisho mtu anayeutafuta haupi simu. Anaswali, anasoma, wengine wamekaa itikafu msikitini na simu imezimwa kabisa.

Kwa hiyo mwaka huo nitatuma mchana, saa tatu na nusu asubuhi, kabla hajaanza kujiandaa kwa Ijumaa. Ujumbe utakuwa mfupi kuliko wa 2026, kwa sababu asubuhi hana muda wa mkekani, na utakuwa na kitu ambacho ule haukuwa nacho. Katika siku hizo rafiki haombewi tu, huombwa pia. Kumwambia mfungaji "nikumbuke kwenye dua zako" ni kumheshimu, na mwaka jana aliniambia mwenyewe kwamba majina anayoyataja usiku ule anayaandika kwenye karatasi.

Nimeshauandika, uko kwenye daftari la simu, nafasi ya umri nimeijaza:

"Shoga, umeamkaje? Miaka 34 leo, tumshukuru Mungu. Akupe umri wenye kheri na akufikishe Idi na wote wa nyumbani. Usiku ukiinua mikono, nitaje na mimi. Keki Idi pili."

Nilifikiri niongeze mstari kuhusu wali wa saa sita usiku, nikaufuta. Huo nitamwambia nikipeleka keki.